Mkataba wa mkopo wa SACCOS: jinsi ya kuupima kabla hujasaini, uwe mkopaji au mdhamini

Nilikaa miaka mitano kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS moja ya watumishi. Nilipotoka huko nikaja kuwa mdhamini wa mkopo ambao mwenyewe hakuumaliza, kwa hiyo meza hii nimeikalia pande zote mbili. Malalamiko ninayoletewa hadi leo ni yale yale: "nimelipa mwaka mzima deni halishuki", "akiba yangu imekatwa kwa deni la mtu", "niliambiwa riba ni moja na nusu tu". Ukiwauliza walisoma nini kabla ya kusaini, karibu wote wanakutajia kiasi cha mkopo na tarehe ya kutoka.

Nitafuata mkopo mmoja tangu fomu hadi mwisho wake. Mkopaji wetu ni muuguzi wa hospitali ya wilaya. Ana akiba ya sh. 2,000,000, anaomba sh. 6,000,000 kwa miezi 24, na chama chake kinatoza asilimia 1.5 kwa mwezi. Hesabu zote ni za Tanzania, ambako SACCOS zinaendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. VICOBA vimewekwa kwenye daraja jingine na vina taratibu zake, kwa hiyo usiende kikaoni kwenu na vifungu vya hapa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Masharti ya chama, yaani kile kitabu kilichosajiliwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Ni haki yako kama mwanachama kukiona.
- Sera ya mikopo inayotumika sasa. Vyama hubadilisha sera, na nakala ya miaka mitatu iliyopita itakupoteza.
- Fomu ya maombi na mkataba, pamoja na ukurasa wa wadhamini, vikiwa bado havijasainiwa.
- Ratiba ya marejesho ya miezi yote. Nimesema yote, siyo rejesho la kwanza peke yake.
- Taarifa yako ya hisa, akiba na amana.
- Salari slipu za miezi mitatu ya karibuni.
- Simu yenye kikokotoo.

Ukinyimwa sera au ratiba kwa maneno ya "utapewa ukishasaini", simama hapo hapo. Ukishasaini huna tena cha kujadili.

## Hatua ya 1: Tenganisha hisa, akiba na amana

Watu husema "pesa yangu iko SACCOS" kana kwamba ni fungu moja. Kwenye mkopo kila fungu lina kazi yake.

Hisa ni umiliki wako ndani ya chama. Huitoi unapotaka, kwa kawaida huguswa pale uanachama unapokoma. Akiba ndiyo inayopima mkopo wako, na ukishakopa inafungwa kama dhamana hadi umalize. Amana ni pesa uliyoweka kwa makubaliano ya kuichukua, na haipaswi kuguswa na mkopo kama hukuiweka dhamana kwa maandishi.

Muuguzi wetu ana akiba ya milioni 2 na sera ya chama chake inaruhusu mara tatu ya akiba. Ndiyo maana ameomba milioni 6. Katika hiyo, milioni 2 anajidhamini mwenyewe. Zinazobaki milioni 4 ziko juu ya wadhamini. Andika namba hiyo pembeni ya karatasi yako, kwa sababu ukurasa wa wadhamini utapimwa nayo.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kutaja bila kubabaika: kiasi gani kinalindwa na mimi, kiasi gani kinalindwa na watu wengine.

## Hatua ya 2: Jua riba inahesabiwa juu ya nini

"Asilimia 1.5 kwa mwezi" ni nusu tu ya sentensi. Nusu ya pili ni: ya nini? Kuna majibu mawili, na tofauti yake kwa mkopo huu inazidi milioni moja.

Riba ya moja kwa moja, ambayo wengi tunaiita ya flati, huhesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote uliopewa mwanzo, hata kama umeshalipa nusu yake. Kwa muuguzi ni sh. 90,000 kila mwezi kwa miezi 24, jumla sh. 2,160,000. Mtaji, yaani sehemu ya mkopo wenyewe anayorudisha kila mwezi, ni sh. 250,000, hivyo rejesho lake ni sh. 340,000, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho.

Riba ya salio huhesabiwa juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza deni ni milioni 6, riba ni sh. 90,000, rejesho ni sh. 340,000. Mwezi wa pili deni ni sh. 5,750,000, riba ni sh. 86,250, rejesho ni sh. 336,250. Mwezi wa tatu rejesho ni sh. 332,500. Linateremka hivyo hadi mwezi wa 24, ambapo analipa sh. 253,750. Riba yote aliyolipa ni sh. 1,125,000.

Hebu rudi uangalie rejesho la kwanza. Ni sh. 340,000 kwa njia zote mbili. Mtu anaonyeshwa namba hiyo dirishani, anailinganisha na ya chama cha jirani, anaona zimelingana, anasaini. Tofauti ya sh. 1,035,000 imejificha kwenye miezi 23 inayofuata. Hii ndiyo sababu nilikuambia udai ratiba nzima.

Vyama vingine vinatumia riba ya salio lakini vinalainisha marejesho yalingane kila mwezi, ili mwajiri akate kiasi kimoja tu. Hapo rejesho la muuguzi huwa kama sh. 299,545 na riba yote kama sh. 1,189,000. Ni halali na ni nafuu kubeba, ila kwa miezi ya mwanzo sehemu kubwa zaidi ya pesa yako huenda kwenye riba. Ukiwa na kompyuta yenye Excel, andika hivi ulinganishe na ratiba uliyopewa:

```
=PMT(0.015,24,-6000000)
```

Namba ya kwanza ni riba ya mwezi, ya pili ni miezi, ya tatu ni mkopo.

Kama mkataba umeandika "asilimia 18 kwa mwaka" bila maelezo, usianze mjadala wa istilahi na karani. Uliza swali moja: "Nikitaka kumaliza mkopo wote mara baada ya rejesho la 12, nitadaiwa shilingi ngapi?"

Kwenye riba ya salio yenye marejesho yanayoteremka, jibu ni sh. 3,000,000, labda na riba ya siku zilizopita tangu rejesho hilo. Kwenye riba ya flati, baadhi ya vyama vitakudai na riba ya miezi 12 ambayo haijafika, sh. 1,080,000, jumla sh. 4,080,000. Ukisikia namba ya pili, umeshajua uko wapi. Omba jibu liandikwe kwenye karatasi na ligongwe mhuri, maana karani wa leo si lazima awe karani wa mwaka ujao.

## Hatua ya 3: Pesa itakayofika mkononi, na mshahara utakaobaki

Hapa nitapita haraka. Toa ada ya fomu, bima ya mkopo, na makato yoyote ya kuongeza hisa. Makato yakifika asilimia 2, muuguzi anapokea sh. 5,880,000 lakini riba inaendelea kuhesabiwa juu ya milioni 6. Makato si kosa. Kosa ni kuyagundua siku pesa imeingia.

Kwenye bima, uliza inalipa nini hasa. Nyingi hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kuachishwa kazi mara nyingi hakumo, na hilo ndilo huwafikisha wadhamini pabaya.

Kisha weka rejesho pamoja na akiba ya kila mwezi, kwa sababu akiba haisimami ukiwa na mkopo. Muuguzi anaweka sh. 50,000, kwa hiyo makato ya mwezi wa kwanza ni sh. 390,000. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, ikiwemo mikopo ya benki. Kama slipu yako imeshajaa, SACCOS itakwambia ulete rejesho mwenyewe kila mwezi. Mkopo wa namna hiyo ndio niliouona ukiyumba mara nyingi zaidi, na wadhamini walikuwa hawajui kwamba haukatwi kwenye mshahara.

## Hatua ya 4: Ukurasa wa wadhamini

Mimi nilisainishwa chumba cha chai. "Kaka, niwekee sahihi tu hapa, fomu inafungwa saa tisa." Sehemu ya kiasi ilikuwa wazi. Nikasaini, nikarudishiwa kalamu yangu, tukaendelea na maandazi. Miezi kumi na minne baadaye nikapata barua.

Soma ukurasa huu kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, tafuta kiasi. Kama hakuna kiasi mbele ya jina la kila mdhamini, na mkataba unasema wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", basi chama kinaweza kudai deni lote kwa mmoja wenu, yule mwenye akiba nono, halafu ninyi mgombane wenyewe. Jaza kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na piga mstari nafasi iliyobaki. Wadhamini watatu wa muuguzi wetu waliandika milioni 2, milioni 1.3 na laki 7. Jumla ni milioni 4, sawa na lile pengo la hatua ya kwanza. Jumla ikizidi pengo, uliza kwa nini.

Pili, tafuta nani anaanza kuguswa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anawajibika sawasawa na mkopaji isipokuwa mkataba umesema vingine. Maana yake chama hakilazimiki kumaliza kwanza mali ya mkopaji ndipo kije kwako. Ulinzi wako ni sentensi kwenye mkataba au sera inayosema akiba ya mkopaji itatumika kwanza, na wadhamini watadaiwa kinachobaki. Vyama vingi vina sentensi hiyo kwenye sera. Usiridhike kuambiwa ipo. Isome kwa macho yako.

Tatu, tafuta kifungu cha mabadiliko. Chama na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa ya mdhamini, sheria inamtoa mdhamini kwenye yale yanayotokea baada ya mabadiliko. Ni kinga nzuri sana, na ndiyo maana baadhi ya fomu zina mstari mdogo unaoifuta: "mdhamini anakubali mabadiliko yoyote bila kuarifiwa." Mkopaji akichukua topapu katikati ya safari, au akisogezewa muda hadi miezi 36, mstari huo unakubeba naye. Omba ufutwe, au uongezwe maneno "kwa ridhaa yake ya maandishi". Nimeona kamati zikikubali bila ubishi. Tatizo ni kwamba hakuna anayeomba.

Jambo moja huwachanganya watu hapa. Chama kikikaa kimya, kisimdai mkopaji kwa miezi sita, huo ukimya peke yake haukutoi kwenye udhamini. Kinachokutoa ni makubaliano mapya waliyofanya bila wewe.

Nne, pima akiba yako iliyobaki huru. Ukidhamini sh. 700,000, kiasi hicho cha akiba yako kinafungwa. Kwa vyama vingi hutaweza kukihesabu kwenye mkopo wako mwenyewe, wala kujitoa uanachama, hadi mkopo uishe au apatikane mdhamini mbadala. Mtu mwenye akiba ya milioni 2 aliyedhamini watu watatu anaweza kwenda kukopa ada ya mtoto akaambiwa hana nafasi.

Tano, muulize mkopaji mambo mawili ana kwa ana: mkopo utakatwa kwenye mshahara au utalipwa mkononi, na mkataba wake wa ajira unaisha lini. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja anayekopa kwa miezi 24 si mtu mbaya, ila wewe ndiye utakayekuwa umebaki kazini.

Ukurasa uliokaa sawa una kiasi cha kila mdhamini, mpangilio wa nani anaanza kuguswa, ridhaa kwenye mabadiliko, tarehe, na nakala inayobaki kwako. Usiondoke bila nakala. Piga hata picha.

## Hatua ya 5: Kifungu cha kuchelewa

Tafuta tafsiri ya chama chenu ya kuchelewa: ni siku ngapi baada ya tarehe ya rejesho ndipo faini inaanza, na ni siku ngapi ndipo mkopo unaitwa chechefu na wadhamini wanaandikiwa. Kisha soma faini yenyewe neno kwa neno.

Tuseme muuguzi amelipa marejesho 10 kwa riba ya salio. Deni ni sh. 3,500,000, na rejesho la 11 ni sh. 302,500. Halafu amekwama.

Faini ikiwa "asilimia 5 ya rejesho lililochelewa", atalipa sh. 15,125. Ikiwa "asilimia 5 ya deni", atalipa sh. 175,000. Asilimia ni ile ile, ila neno moja limeizidisha faini zaidi ya mara kumi na moja.

Sasa ongeza mpangilio wa malipo. Mikataba mingi inasema pesa yoyote inayoletwa italipa kwanza faini, kisha riba, kisha mtaji. Muuguzi akijikusanya akaleta sh. 200,000, na faini ni ile ya sh. 175,000, zinazobaki sh. 25,000 zinaingia kwenye riba ya sh. 52,500. Mtaji haukuguswa hata shilingi, na mwezi ujao anaanza upya. Huyu ndiye anayekuja kulalamika kuwa deni halishuki, na daftari la chama halijakosea popote.

Kama unaona utakwama, andika barua kabla ya tarehe ya rejesho, ukiomba kurekebishiwa ratiba, na utaje sababu na tarehe ya kurudi kwenye malipo. Kamati humchukulia tofauti aliyekuja mwenyewe na aliyetafutwa. Wadhamini wajulishwe na wasaini mabadiliko hayo.

Angalizo kwa wanaokatwa kwenye mshahara. Kuna wakati mwajiri anakata lakini hapeleki. Kwenye daftari la chama unaonekana umechelewa, faini zinapanda, wadhamini wanaandikiwa, wakati slipu inaonyesha umelipa. Peleka nakala ya slipu ya kila mwezi uliokosekana pamoja na barua, ugongewe mhuri wa kupokelewa, na uombe faini zisimame hadi chama kimdai mwajiri. Ndiyo sababu salari slipu hazitupwi hata ukishazipokea kwenye simu.

## Hatua ya 6: Mkopo ukifa, fuata hesabu kwa mstari

Muuguzi ameacha kazi, marejesho matatu yamepita. Hii ndiyo hesabu ambayo mdhamini anatakiwa kuidai kwa maandishi kabla akiba yake haijaguswa. Faini nimeiacha pembeni ili mstari uonekane.

- Mtaji uliobaki: sh. 3,500,000
- Riba ya miezi mitatu juu ya salio hilo: sh. 157,500
- Jumla ya deni: sh. 3,657,500
- Toa akiba yake, ambayo kwa michango ya miezi 10 imefika: sh. 2,500,000
- Kinachobaki kwa wadhamini: sh. 1,157,500

Wadhamini wakiwa watatu, kila mmoja anaangukiwa na kama sh. 385,833. Wengi hudhani aliyeandika laki 7 atalipa kidogo kuliko aliyeandika milioni 2. Mkataba au sera ikisema mgawanyo ni kwa uwiano, ni kweli. Zisiposema kitu, kanuni ya Sheria ya Mikataba ni kugawana sawa hadi pale kikomo cha kila mmoja kinapofika. Laki 7 ni dari, na sh. 385,833 iko chini ya dari hiyo, kwa hiyo analipa sawa na wenzake. Ukitaka uwiano, uandikwe hatua ya 4, kwa sababu siku ya makato umeshachelewa.

Barua niliyopata mimi ilikuwa na namba moja tu, jumla. Nilipoomba mchanganuo ilionekana akiba ya mkopaji ya miezi ya mwisho haikuwa imetolewa kwenye deni. Walirekebisha. Wenzangu wawili walikuwa wameshakubali ile ya kwanza.

Ukishalipa, kazi haijaisha. Mdhamini aliyelipa anavaa viatu vya chama: madai ya chama dhidi ya mkopaji yanakuwa yako kwa kiasi ulicholipa, pamoja na haki juu ya dhamana yoyote iliyokuwa imewekwa, kama kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja. Omba stakabadhi yenye jina la mkopaji na namba ya mkopo, na barua inayotaja kiasi kilichotoka kwenye akiba yako. Bila karatasi hizo mbili, siku mkopaji akipata kazi nyingine utakuwa na hadithi tu. Na kama ulilipa zaidi ya fungu lako, unaweza kuwadai wadhamini wenzako tofauti.

## Hatua ya 7: Kama unaona umeonewa

Anza ndani, na anza kwa barua. Maneno ya dirishani hayaachi alama.

Andika kwa meneja, ukiomba taarifa kamili ya mkopo: kila malipo, tarehe yake, na lilivyogawanywa kati ya faini, riba na mtaji. Kama jibu haliridhishi, panda kwa kamati ya mikopo, kisha bodi. Kamati ya usimamizi ipo kwa ajili ya kuichunguza bodi yenyewe, na wanachama wengi hawajawahi hata kujua wajumbe wake ni akina nani.

Ikishindikana, nenda kwa Afisa Ushirika wa halmashauri, kisha Mrajis Msaidizi wa mkoa. Juu yao yupo Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa SACCOS. Utaratibu wa ushirika unataka migogoro ya biashara ya chama ijaribiwe kwanza kwa mazungumzo na usuluhishi, halafu ifike kwa Mrajis. Ukikimbilia mahakamani moja kwa moja unaweza kurudishwa huku huku, ukiwa umeshalipa wakili.

Mlango mwingine ni mkutano mkuu. Mwenye hisa kumi na mwenye hisa elfu wote wana kura moja, na sera mbaya ya faini inabadilishwa pale, siyo kwa kumsonya karani. Peleka hoja kwa maandishi iingie kwenye ajenda kabla ya siku. Hoja inayoibuliwa kwenye "mengineyo" saa kumi jioni, watu wakisubiri posho na soda, haiendi popote.

Kuhusu majina ya wadaiwa kurushwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha na kiasi: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama ni mkusanyaji wa taarifa kama mwingine yeyote. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe, kisha andika barua kwa bodi ukidai ziondolewe. Malalamiko hayo yanaweza kufika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hilo halifuti deni, na usilitumie kulikwepa.

## Hatua ya 8: Funga mkopo na ufungue wadhamini

Rejesho la mwisho likikatwa, usisubiri mfumo ujirekebishe. Mwezi unaofuata angalia slipu. Makato yakiendelea, peleka barua kwa SACCOS na nakala kwa mhasibu wa mwajiri, na dai ziada irudishwe au iingizwe kwenye akiba, wewe ndiye uchague.

Omba barua ya kumaliza mkopo yenye namba ya mkopo na salio sifuri. Kama uliweka hati au kadi, zirudishwe siku hiyo hiyo na usaini kuzipokea. Kisha wapelekee wadhamini wako nakala ya barua hiyo, mmoja mmoja.

Nao wasiishie kushukuru. Kila mdhamini aende dirishani aombe taarifa ya akiba yake na aangalie safu ya kiasi kilichofungwa. Inatakiwa isome 0. Nimewahi kumkuta mama mmoja ambaye laki 8 zake zilikuwa bado zimefungwa miaka miwili baada ya mkopo kulipwa wote, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia karani aufungue. Ilichukua dakika tano.